Ukurasa wa Waifai Unaojifungua Wenyewe

Aprili 2024, wafanyakazi wa shirika moja la ndege nchini Australia waliona waifai wasiyoitambua ikiwa hewani ndani ya ndege yao, wakatoa taarifa. Abiria aliyeshukiwa alipopekuliwa alikutwa na kifaa kidogo cha kurushia waifai, kompyuta mpakato na simu. Polisi walieleza kwamba mtandao wake ulibeba jina lilelile la mtandao halali, na kila aliyejiunga aliletewa ukurasa wa kumtaka aingie kwa baruapepe au akaunti yake ya mitandao ya kijamii. Viwanja vya ndege vya Perth, Melbourne na Adelaide vilitajwa katika uchunguzi.

Hila hiyo hutumia njia ileile ya waifai halali. Simu ikishajiunga, huuliza anwani maalumu ili ijue kama intaneti ipo. Za Android huuliza `connectivitycheck.gstatic.com`. Mtambo wa hoteli hulidaka swali hilo njiani na kukuletea ukurasa wake. Mtambo wa tapeli nao waweza kufanya hivyohivyo. Isitoshe, simu hukumbuka jina la waifai isiyo na nenosiri, lakini haina njia ya kujua mtambo ni wa nani, hivyo yaweza kujiunga yenyewe ikiwa mfukoni.

Wengi huambiwa kwamba mwizi ataona kila wanachofanya. Sivyo hasa, kwa kuwa tovuti za benki na za baruapepe siku hizi hufumba mawasiliano yake. Hatari kubwa ni nenosiri unaloliandika mwenyewe kwenye ukurasa alioutengeneza yeye. Hoteli ikikuuliza nambari ya chumba na jina la ukoo, ni sawa. Ikitaka nenosiri la baruapepe yako, funga ukurasa huo.

VPN hufumba kila kinachotoka kwenye simu mpaka kifike kwenye seva yake, ila kwa kawaida haiunganiki kabla hujaupita ukurasa wa kuingilia. Na nenosiri uliloliandika pale haiwezi kulirudisha. Kwa hiyo pita kwanza kwa taarifa chache, washa VPN, hakikisha imeunganika, ndipo ufungue akaunti zako.

Mimi napendelea data za simu. Kuanzia 3G, laini na mtandao wa kampuni ya simu huthibitishana kwa ufunguo wa siri uliomo ndani ya laini, jambo ambalo waifai ya wazi haina. Kwenye 2G ni simu tu inayothibitishwa, basi ukiona alama ya 2G au E, subiri. Tuseme umetua ugenini na unahitaji tiketi iliyomo kwenye baruapepe: zima waifai, washa data, ingia, ipakue, kisha zima data. Kazi hiyo hula bando dogo kuliko video fupi. Kompyuta nayo iunganishe kupitia simu yako.

Kama nenosiri umekwisha kuliandika mahali usipopaamini, libadilishe sasa hivi kwa data za simu, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti hiyo, maana huenda mwizi ameshafika humo.