Mkeka Ulioyeyuka

Mteja aliikuza picha kwa vidole viwili kwenye simu yake, akauliza: “Kaka, huo mkeka ni wa plastiki?” Ulikuwa wa ukindu. Nilikuwa nimeuchora uzi kwa uzi, kila mmoja ukipita juu na chini ya mwenzake, ili fundi seremala wa Keko aonyeshe kabati lake la mninga likiwa limesimama sebuleni kabla hajakata hata ubao mmoja. Ni mimi niliyeuharibu, kwa kuiambia kompyuta ifanye haraka kisha isafishe uchafu wake yenyewe.

Nafanya kazi kwa Blender, programu ya bure, kwenye laptopu yenye memori ya GB 8. Ukishajenga chumba ndani ya programu, hatua ya mwisho ni kukirenda, yaani kukigeuza kuwa picha, na hapo unachagua injini. Blender ina mbili zinazotumika zaidi: Eevee, iliyoingia mwaka 2019, na Cycles, iliyokuwepo tangu 2011.

Eevee huchora kama mchezo wa kompyuta. Inaangalia kinachoonekana mbele ya kamera, inakipaka rangi, kisha inakisia mwanga kwa njia za mkato. Picha inatoka kwa sekunde. Lakini hata ukiiwashia Raytracing, inategemea zaidi kile kilichomo ndani ya fremu. Kabati langu lina milango ya kioo, na dirisha liko nyuma ya kamera. Kwenye kioo ilipaswa kuonekana taswira ya dirisha hilo. Eevee hailioni, kwa hiyo kioo kikabaki kijivu. Ukitaka kuujua ugonjwa huu, zungusha kamera polepole: kitu kikitoka tu kwenye fremu, taswira yake kiooni inafifia. Zipo dawa, kama kuweka Light Probe, lakini chumba kinachopata mwanga kwa dirisha moja kitakulazimisha kuongeza viraka kila upande. Kabati lile lile likiwa nje juani, bila kioo, ningelirenda kwa Eevee na kwenda kunywa chai.

Cycles haikisii hivyo. Kutoka kila pikseli inarusha mstari unaogonga ukuta, unadunda sakafuni, unadunda tena, mpaka ufike penye mwanga au ukate tamaa. Kila mrusho ni sampuli moja, na uelekeo wa kudunda ni wa bahati nasibu. Ni kama kutaka kujua bei ya nyanya Kariakoo: ukimuuliza muuzaji mmoja unaweza kupotoka sana, ukiwauliza hamsini wastani unatulia. Pikseli jirani zikiwa na wastani ambao haujatulia, unaona chenga, zile zile za televisheni yenye antena mbovu. Na hapa ndipo wengi tunapoumia: ili chenga zipungue kwa nusu, sampuli lazima ziwe mara nne. Kutoka 64 unakwenda 256, kisha 1024, na muda unapanda vivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza sampuli, tafuta chenga zinatoka wapi. Kwangu zilitoka dirishani. Mistari inayodunda ovyo ndani ya chumba hupata tundu dogo la dirisha kwa nadra. Niliondoa kabisa kioo cha dirisha, kwa sababu mwanga unaopindia kwenye kioo ndio mgumu kuliko yote kwa Cycles, na kwa kamera iliyolipa dirisha kisogo hakuna atakayejua kwamba hakipo. Kisha niliweka taa ya Area yenye ukubwa wa dirisha, ikitazama ndani, nikawasha Portal. Taa hiyo haitoi mwanga wake. Inaionyesha Cycles mahali mwanga wa anga unapoingilia. Vimulimuli vichache vyeupe vilivyobaki kwenye ukuta niliviondoa kwa kushusha Clamp Indirect kutoka 10 hadi 5. Ukishusha zaidi, chumba kinaanza kupoteza mwanga wa kudunda na pembe zinakuwa nyeusi.

Sasa idadi. Blender inakuja ikiwa imewekwa Max Samples 4096 na Noise Threshold 0.01, viwango vya mtu mwenye mashine ya nguvu au subira ya mvuvi. Badala ya kurenda picha nzima mara kumi, nilichagua mahali pagumu kuliko pote: ukingo wa mkeka uliomo kwenye kivuli cha kabati. Kwenye mwonekano wa kamera, Ctrl+B inakuruhusu kuchora kisanduku, na F12 inarenda hicho tu. Nilizima Noise Threshold kwa muda ili jaribio liwe la haki. Kisanduku kwa sampuli 64 kilichukua sekunde 15; kwa 256, dakika moja; kwa 1024, dakika nne. Kila matokeo niliyaweka kwenye Slot yake, nikawa nabadilisha kwa kitufe J huku macho yakikodolea uzi ule ule.

Kisafisha chenga nilichotumia ni OpenImageDenoise cha Intel, ambacho hufanya kazi hata kwa prosesa tupu. OptiX inataka kadi ya NVIDIA. Kisafishaji husaidiwa na ramani mbili zilizo chini ya Passes: Albedo, inayoonyesha rangi ya kila kitu bila mwanga, na Normal, inayoonyesha kila uso umeelekea wapi. Mkeka wa nyuzi nyekundu na njano ungejitetea kwa Albedo. Wangu ulikuwa wa rangi moja, na msuko ulionekana kwa vivuli vyembamba tu kati ya nyuzi. Mara ya kwanza nilirenda kwa sampuli 32. Chenga zilikuwa na nguvu kuliko vivuli hivyo, kisafishaji kikadhani vyote ni uchafu na kuvifuta pamoja. Kwa 64 nyuzi zilikuwa bado zinashikana kama wali uliozidi maji. Kwa 256 zilisimama. Kati ya 256 na 1024, baada ya kusafishwa, nilihamahama kwa J mara nyingi bila kuona tofauti.

Nikaweka Max Samples 400 na Noise Threshold 0.03, ili pikseli za ukuta mweupe, zinazotulia mapema, ziache kurushiwa mistari na muda uende kwenye vivuli. Nikaondoa kisanduku kwa Ctrl+Alt+B. Ukubwa niliacha 1920 kwa 1080, maana picha ilikuwa inakwenda WhatsApp, ambako ingebanwa tu. Kisha nikahifadhi faili, nikaifunga Blender na kurenda kwa amri, ili dirisha la programu lisinile memori:

```
blender -b sebule.blend -E CYCLES -o //kabati_ -f 1
```

Ile `-f 1` ikae mwisho. Amri husomwa kwa mpangilio, na kilichoandikwa baada yake kitachelewa. Na kama LUKU inakaribia kuisha, weka Time Limit: Cycles itasimama muda ukifika, na utabaki na picha yenye chenga kidogo badala ya kukosa yote.

Ilichukua dakika 22. Nilimtumia mteja usiku ule ule. Mkeka hakuutaja. Alitaka kujua kama kabati linaweza kupunguzwa inchi tatu, kwa sababu mlango wake wa mbele ni mwembamba.