Utangulizi: Mkunga, Jiwe na Maji

Anayeanza kusoma habari za wenyeji wa kwanza wa Australia huambiwa mapema kwamba walikuwa wawindaji na waokota matunda, basi. Namwomba msomaji aliweke neno hilo kando kidogo, twende Budj Bim, kusini-magharibi mwa jimbo la Victoria, katika nchi ya Wagunditjmara. Watu wameishi Australia kwa zaidi ya miaka 50,000, na Waingereza walipohamia mwaka 1788 walikuta zaidi ya lugha 250. Bara la namna hiyo haliingii katika kurasa chache. Afadhali tupajue mahali pamoja vizuri.

Budj Bim ni mlima wa volkano. Uliripuka yapata miaka 37,000 iliyopita, na lava yake ikatiririka hadi baharini, ikaziba mito na kuacha nyuma mabwawa, vinamasi na uwanda wa mawe meusi yaliyopasukapasuka. Humo hupita kooyang, yule samaki mrefu wa utelezi tunayemwita mkunga. (Msomaji wa Kiswahili asimchanganye na mkunga wa uzazi, huyu wingi wake ni mikunga.) Kooyang huzaliwa mbali baharini, hupanda mitoni akiwa mdogo kama uzi, hukaa katika maji baridi kwa miaka mingi hadi anenepe, kisha hurudi baharini kuzaa na kufa.

Wagunditjmara waliijua safari hiyo, nao wakaitengenezea njia. Mvua za kipupwe zikinyesha, ziwa Tae Rak hujaa na kufurika. Walichimba mifereji kwenye mawe ili maji hayo yaelekee kwenye mabonde madogo, wakajenga kuta za kuyazuia yasikauke upesi kiangazi. Kooyang wachanga waliingia, wakakulia humo. Penye mwanya wa ukuta palitegwa kikapu kirefu kilichosukwa, chenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Aliyewahi kutega dema au kujenga uzio wa wando pwani yetu ataielewa kazi hii bila kuelezwa mara mbili. Linalonivutia zaidi ni vimo: mitego haikuwekwa kwenye usawa mmoja. Maji yakipanda, wa juu hufanya kazi. Yakishuka, ni zamu ya wa chini. Bila kupima mteremko kwa jicho la miaka mingi, huwezi kupanga hivyo.

Tunajuaje kwamba ni kazi ya mikono? Swali ni la haki, maana lava ikipoa na kubomoka huweza kujifanya ukuta. Mchunguzi hutazama mawe yaliyong'olewa sakafuni mwa mfereji na kurundikwa kandokando, au jiwe lililokaa juu ya udongo ambao haungekuwapo chini yake kama lingetulia hapo tangu mripuko. Hata hivyo wataalamu wamewahi kuteleza. Baadhi ya duara za mawe zilizodhaniwa kuwa misingi ya nyumba zilikuja kuelezwa na wengine kuwa alama za miti iliyoanguka na kung'oa mawe kwa mizizi.

Umri nao una mtego wake. Jiwe halisemi lilipangwa lini. Mwanaakiolojia Ian McNiven na wenzake, wakishirikiana na Wagunditjmara, walichimba tope lililojaza mfereji mmoja na kupima kaboni ya vipande vya mkaa vilivyokuwa ndani yake. Jibu likawa kama miaka 6,600. Lakini tope huingia baada ya mfereji kuwapo, na mfereji unaotumika husafishwa. Kwa hiyo tarehe hiyo hutuambia tu kwamba mfereji hauwezi kuwa mchanga kuliko hapo.

Na ujuzi wenyewe ulihifadhiwa wapi? Wagunditjmara husimulia juu ya majitu manne ya kale. Moja lilichuchumaa hapo likawa mlima, paji la uso wake likawa kilima na meno yake lava. Je, ni kumbukumbu ya mripuko? Karibu na hapo, Tower Hill, shoka la jiwe lilipatikana chini ya majivu ya volkano ya umri unaokaribiana na wa Budj Bim, kwa hiyo watu walikuwapo. Hilo halithibitishi kwamba simulizi limevuka miaka yote hiyo, nami silazimishi. Ila atakayelipuuza kabla ya kulisikiliza ataukosa ufunguo: simulizi humfundisha mtoto lava iko wapi, na penye lava ndipo penye maji na kooyang.

Walowezi walipofika miaka ya 1830 na 1840 palipiganwa vikali, na baadaye ziwa likakaushwa kwa ajili ya malisho. Mwaka 2010 kizuizi kilijengwa, maji yakarudi Tae Rak. Mwaka 2019 Unesco iliiandika Budj Bim kuwa Urithi wa Dunia. Miezi michache baadaye moto wa nyika ukapita, ukateketeza majani marefu, na chini yake ukaonekana mfereji wa mita kama 25 ambao haukuwa umeandikwa katika ramani yoyote ya wachunguzi, jirani kabisa na mifereji ile tuliyokwisha kuizoea.