Tufe, Tenisi na Puto

Mwambie anayeanza kuchora katuni akuchoree mpira mzito unaodunda. Karibu kila mara atauangusha kwa kasi. Mimi pia nilianzia hapo, na mpira wangu haukuwa mzito. Ulionekana tu kama umerushwa chini kwa hasira. Achia tufe la chuma na mpira wa tenisi kwa pamoja kutoka usawa wa kifua: vitafika sakafuni karibu wakati mmoja. Jicho haliujui uzito wakati wa kushuka. Linaujua baada ya kishindo.

Chukua karatasi, piga mstari wa sakafu, chora mpira sentimita 18 juu yake. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, na wachoraji wa mkono mara nyingi hupiga kila mchoro fremu mbili, hivyo sekunde ni michoro 12. Tuupe mpira nusu sekunde ya kushuka, muda ambao kitu halisi hutumia kuanguka mita moja na ushee. Hizo ni hatua sita. Ya kwanza iwe nusu sentimita, kisha 1.5, 2.5, 3.5, 4.5, na ya mwisho 5.5. Jumla ni 18.

Ukigawa sawasawa, sentimita 3 kila hatua, muda ni uleule lakini mpira unateremka kama ndoo ya kisimani iliyoshikwa kwa kamba. Ukibana mapengo karibu na sakafu, unatua kama juu ya godoro. Kosa hili la pili ndilo linalojificha zaidi, kwa sababu mkono hupenda kupunguza mwendo kila unapofika mwisho.

Sasa mpira umegonga. Ukiwa wa tenisi, unapanda kwa mapengo yaleyale kinyumenyume, 3.5, 2.5, 1.5, 0.5: hatua nne, sentimita 8. Mdundo unaofuata unapanda hatua tatu, halafu mbili. Tufe, ambalo limeshuka kwa michoro ileile sita, linainuka nusu sentimita tu, mchoro mmoja, na unaofuata liko chini, limetulia. Usilibonyeze hata kidogo linapogonga. Likibonyea litakuwa donge la unga.

Puto ndilo linalotaka kushuka kwake lenyewe, maana hewa hulizuia. Linaanza na nusu sentimita, kisha sentimita moja, moja, moja, mpaka chini: hatua 18 na ushee, zaidi ya sekunde moja na nusu. Hapo mapengo sawa, yaliyouharibu mpira wa kwanza, ndiyo yanayolipa puto wepesi wake.

Shika karatasi zako pembeni uzipeperushe kwa kidole kabla ya kwenda mbali. Tazama hasa ile nusu sentimita ya tufe. Ukiifanya sentimita mbili, umechora mpira wa miguu uliopungua upepo.