Kichocho na Waosha Magari wa Kisumu

Kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria mjini Kisumu, kuna vijana waliojipatia riziki kwa kuosha magari ndani ya ziwa lenyewe. Gari huingizwa majini mpaka magurudumu yazame nusu, nao husimama kando yake, miguu ndani ya maji, wakisugua kutwa nzima. Katika maji hayo wamo konokono, na konokono ndio wanaotoa lava wa kichocho.

Watafiti wa KEMRI, wakishirikiana na wenzao wa CDC ya Marekani, waliwafuatilia vijana hao kwa miaka. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kijana hupimwa choo, akikutwa na mayai ya kichocho hupewa dawa ya prazikuanteli, kisha hurudi kazini kwake majini. Baada ya muda hupimwa tena, na akikutwa ameambukizwa upya hutibiwa upya. Mwanzoni wengi wao waliambukizwa tena upesi. Lakini kadiri matibabu yalivyorudiwa, baadhi yao walianza kukaa muda mrefu zaidi kabla ya mayai kuonekana kwenye choo. Wengine hawakubadilika hata kidogo. Ziwa lilikuwa lile lile na kazi ni ile ile, kwa hiyo tofauti ilikuwa ndani ya miili yao.

Mdudu anayehusika ni yule wa kichocho cha matumbo. Lava wake hupenya ngozi kwa dakika chache, hudondosha mkia, huingia kwenye damu, hupitia mapafuni na kuishia kwenye mishipa ya ini, ambako hukomaa. Kisha dume na jike, wameshikana, huhamia kwenye mishipa midogo inayozunguka utumbo, na hapo jike hutaga mamia ya mayai kila siku. Kinachomuumiza mgonjwa hasa ni mayai hayo, kwa maana mengi hayapati njia ya kutoka na chooni bali hunasa kwenye ini na ukuta wa utumbo. Mdudu mwenyewe anaweza kuishi miaka mitano, kumi, au hata zaidi, katikati ya damu iliyojaa askari wa kinga.

Askari hao wana shida moja kubwa ya kuanzia. Bakteria humezwa na seli nyeupe na mambo yakaisha, ila mnyoo wa karibu sentimita moja hamezeki. Hata lava aliyetoka tu kupenya ngozi ni mkubwa mno kumezwa. Kwa adui wa ukubwa huu mwili hutumia njia nyingine. Seli saidizi za kinga hutuma ujumbe wa kikemikali kwenye uboho, na uboho hutengeneza kwa wingi seli nyeupe ziitwazo eosinofili. Seli hizi zina punje zilizojaa protini zenye sumu. Kingamwili zikishaushika mwili wa lava, eosinofili hujibandika juu yake na kumwaga punje hizo kwenye ngozi yake mpaka itoboke. Mwaka 1975 Anthony Butterworth na wenzake walionyesha kwenye maabara jinsi seli hizi zinavyowaharibu lava wachanga wa kichocho pale kingamwili zinapokuwepo.

Miongoni mwa kingamwili hizo imo IgE, ambayo katika damu ya kawaida ni adimu kuliko kingamwili zote. Wengi tunaijua kwa ubaya wake tu, kwamba ndiyo inayoleta pumu ya mzio na vipele vya chakula. Kwenye damu ya mtu mwenye minyoo, IgE hupanda mara nyingi zaidi ya kawaida. Hujishikiza kwenye seli zilizojaa histamini na kungoja. Sehemu ya mnyoo ikiigusa, seli hizo hulipuka, mishipa hulegea, na askari wengine hukimbilia hapo.

Sasa swali linalokera: ikiwa silaha zipo, mbona mnyoo mkomavu haguswi? Jibu mojawapo lilitoka kwenye jaribio la mwaka 1969, walilolifanya Smithers, Terry na Hockley huko London. Walichukua minyoo ya kichocho iliyokulia ndani ya panya na kuipandikiza ndani ya nyani. Minyoo ilisitasita kidogo, kisha ikaendelea kuishi. Lakini walipoipandikiza kwa nyani ambao walikuwa wamechanjwa dhidi ya chembe za panya, minyoo ilikufa. Maana yake ni kwamba minyoo ile ilikuwa imejivika vitu vya panya kwenye ngozi yake, na kinga ya nyani ikaishambulia kama panya. Ndani ya mtu, mdudu hujipaka vitu vya mtu, vikiwemo alama za kundi la damu, na ngozi yake ya nje huvuliwa na kuvaliwa upya mfululizo. Lava aliyeingia leo bado hajavaa kitu, ndiyo maana kinga hupata nafasi kwake. Hivyo mtu anaweza kubeba minyoo wazee wasioguswa huku mwili wake ukiwaua wageni wanaoingia. Kwa mnyoo mzee hilo si hasara, kwani nyumba haijai kupita kiasi.

Ujanja wa pili ni wa kuutuliza mwili. Maambukizi yakidumu, seli za kudhibiti kinga huongezeka, na kingamwili nyingine iitwayo IgG4 hutengenezwa kwa wingi. IgG4 hushika mahali pale pale ambapo IgE ingeshika, lakini yenyewe hailipui kitu. Watoto wa vijiji vya kandokando ya maji huwa na IgG4 nyingi dhidi ya kichocho, nao ndio huambukizwa upya haraka baada ya kutibiwa. Kwa watu wazima mizani huelekea upande wa IgE.

Kwa nini ichukue miaka? Baadhi ya protini ambazo IgE inazilenga zimefichika ndani ya mnyoo mkomavu, na hutoka kwa wingi pale anapokufa. Anayeishi miaka mingi huchelewa kutoa somo hilo. Prazikuanteli huua minyoo wengi kwa pamoja, vitu vyao vya ndani humwagika kwenye damu, na wiki chache baadaye IgE dhidi yao hupanda. Muosha gari aliyetibiwa mara nyingi amepitia kwa muda mfupi vifo ambavyo kwa kawaida vingemchukua mtu nusu ya ujana wake. Waliojenga ukinzani Kisumu walielekea pia kuwa na eosinofili nyingi zaidi, na kwa wenye VVU ambao seli zao za CD4 zilipungua, ukinzani huo ulidhoofika.

Daktari hawezi kuuona ukinzani huo kwenye kipimo cha kawaida cha damu. Eosinofili zaidi ya 500 kwa kila mikrolita humwambia tu kwamba huenda kuna minyoo, au mzio, au jambo jingine. Mgeni aliyeogelea ziwani kwa mara ya kwanza anaweza kupata homa na eosinofili maelfu wakati choo chake bado hakina yai hata moja, kwa sababu minyoo haijakomaa. Na prazikuanteli akipewa wakati huo haimsaidii sana, maana haiwaui vizuri minyoo wachanga. Hulazimika kuirudia baadaye.

Kishawishi cha kutengeneza chanjo itakayoamsha IgE kinaeleweka, lakini kuna waliojichoma. Chanjo moja ya safura ilijaribiwa Brazili kwa watu waliowahi kuishi na mnyoo huo. Baadhi yao walitokwa na vipele mwili mzima mara tu baada ya sindano, kwa sababu tayari walikuwa na IgE dhidi ya protini iliyomo, na jaribio likasimamishwa. Tangu hapo, kabla ya kuichagua protini ya chanjo ya minyoo, watafiti huipima kwanza kwenye damu ya wakazi wa maeneo yenye ugonjwa, na ile inayokutwa na IgE huwekwa kando.