Asilimia 38 iliyozima taa

Masika yalikuwa yamekolea, Dar es Salaam haijaona jua la maana kwa siku 12. Usiku huo mke wangu alikuwa akipiga pasi sare za watoto, mara inveta ikapiga kelele na nyumba ikawa giza. Nikaenda na tochi ya simu kutazama skrini ya betri. Iliandika SOC 38%. Yaani zaidi ya theluthi moja ya umeme bado ilikuwa ndani, kwa maandishi.

Fundi alipokuja asubuhi, kitu cha kwanza alichotoa mfukoni ni mita. Nilimwelewa. Sote tumekulia kwenye betri za maji, na betri ya maji haifichi siri: ikipumzika na kusoma volti 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 imefika nusu, ikishuka chini ya 12 umekwisha. Lakini hii yangu ni ya lithiamu na fosfati ya chuma, seli 16 zilizofuatana, jumla volti 51.2, ampea-saa 100. Mita haikumsaidia sana, na sababu yake iko ndani kabisa ya seli.

Chukua sufuria ya maji jikoni. Yakianza kuchemka, tia kipimajoto: nyuzi 100. Subiri mpaka nusu ya maji yageuke mvuke, pima tena: nyuzi 100. Yakibaki kijiko kimoja, bado ni 100. Kipimajoto hakijaharibika. Maji na mvuke vikiwa pamoja, joto halina sababu ya kubadilika mpaka kimoja kiishe. Seli hii nayo ni hivyo. Unapoichaji, lithiamu inatoka kwenye chembe za fosfati ya chuma, lakini chembe hazipungukiwi kidogokidogo kwa usawa. Sehemu moja inabaki na lithiamu tele na nyingine inakuwa karibu haina kitu, na kinachobadilika ni kiasi cha kila sehemu tu. Maadamu sehemu zote mbili zipo, volti inakaa palepale. Kikundi cha John Goodenough kule Chuo Kikuu cha Texas kilipoitangaza madini hii mwaka 1997 kama kitu cha kutengenezea betri, tayari volti hiyo tulivu ilikuwa ndiyo sifa yake.

Kwa mtumiaji ni neema, maana vifaa vinapata volti ileile karibu muda wote. Kwa anayetaka kujua kilichobaki ni balaa. Seli iliyopumzika ikiwa na asilimia 60 inasoma takriban volti 3.30, na ikiwa na 40 inasoma takriban 3.29. Asilimia 20 za umeme zimejificha ndani ya milivolti kumi na kitu, na kifaa kinachopima seli ndani ya betri za kawaida kinaweza kupotoka milivolti tano bila mtu kukilaumu. Kuna kangazi kadogo karibu na asilimia 65 hivi, kanakoletwa na grafiti ya upande wa pili wa seli, lakini kukaona kunahitaji kipimo kizuri na betri iliyotulia. Na betri ya nyumbani hutulia lini?

Kama tambarare ndiyo ingekuwa shida peke yake, mtu angenunua kipimo bora na kulala usingizi. Kuna jambo la pili, baya zaidi. Chembe zile ni kama mlango uliovimba kwa mvua. Kuufungua lazima usukume zaidi ya kiasi, na kuufunga lazima uvute zaidi ya kiasi. Chembe moja haigeuki mpaka isukumwe kupita kidogo pale ambapo ingepaswa kugeuka, na ndani ya seli ziko nyingi mno, zikigeuka kwa zamu. Matokeo yake, seli iliyofika nusu kwa kuchajiwa husoma juu kidogo kuliko iliyofika nusu hiyohiyo kwa kutumika. Tofauti ni milivolti 10 hadi 20 hivi, na haiishi hata ukiiacha ipumzike saa nyingi. Si ile volti inayoshuka pasi ikiwashwa na kurudi ikizimwa. Hii inabaki.

Sasa weka mambo mawili pamoja. Mita inasoma 3.30. Betri hii yaweza kuwa na asilimia 40 na kitu, ikiwa imetoka kuchajiwa, au 60 na kitu, ikiwa imetoka kutumika. Na siku ya mawingu jua linachungulia dakika kumi, friji inakula dakika ishirini, jua tena, na volti inazurura katikati ya njia hizo mbili. Namba moja haitoshi. Lazima ujue seli ilipita wapi.

Basi ubao wa elektroniki ulio ndani ya betri unafanya afanyavyo muuza duka asiyeweza kufungua droo ya pesa: anaandika daftari. Ampea zikiingia anaongeza, zikitoka anapunguza. Ile 38% haikuwa kipimo, ilikuwa salio la daftari.

Daftari langu lilikosea ampea 0.1 tu. Kwa kifaa kinachopima mpaka ampea 100 hilo ni kosa dogo sana, na vibao vingine hata havihesabu mkondo mdogo kama wa ruta ya intaneti usiku. Lakini 0.1 kwa saa 24 ni ampea-saa 2.4, na kwa siku 12 ni karibu 29. Toa 29 kwenye 38: zilibaki 9. Pasi ya wati 1,000 ikavuta ampea 20, volti ya seli ikaporomoka kuelekea 3.0, inveta ikafika kikomo chake cha volti 48 na kujizima.

Siku ya sita, je, volti ingeweza kunishtua? Skrini ingesema 60 na ukweli ungekuwa 46. Tofauti ya volti kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko ile ya njia ya kupanda na ya kushuka. Hata hesabu za kisasa, kama kichujio cha Kalman, zinazosahihisha daftari kwa kutazama volti, hapo katikati hazina pa kushika.

Mahali pa kushika ni kwenye ncha. Betri ikijaa kweli, volti inaruka ghafla. Kila seli inapita 3.5 huku ampea zinazoingia zikipungua zenyewe. Hapo ndipo ubao unafuta salio na kuandika 100. Ndiyo maana Tesla huwashauri wenye magari ya betri za aina hii kuchaji mpaka 100 walau mara moja kwa wiki, wakati wenye betri za aina nyingine huambiwa wasifanye hivyo kila siku. Mimi kwa siku 12 sikuwa nimefika juu hata mara moja. Na chini pia sikufika vya kutosha, kwa sababu inveta ilijizima kabla ubao wa betri haujagusa kikomo chake, kwa hiyo salio la uongo likabaki vilevile.

Jua lilirudi siku ya pili yake. Fundi akaniambia nisitazame asilimia, nitazame volti na ampea. Saa nane mchana skrini iliandika 100%, lakini betri ilikuwa ikisoma volti 53.9 na bado ikimeza ampea 25 bila kusita. Iliendelea hivyo zaidi ya saa moja, asilimia imesimama palepale, ndipo volti ikapanda ghafla kupita 56 na ampea zikaanza kushuka. Ampea-saa 29 zilizopotea zilikuwa zinarudi.