Sauti Moja, Sura ya Kwanza Hadi ya Mwisho

Kitabu cha maneno 90,000, kikisomwa kwa mwendo wa maneno 120 kwa dakika, huchukua saa 12 na nusu kukisikiliza. Kompyuta ikishapewa maandishi inaweza kukisoma chote bila kuchoka wala kukohoa. Ugumu unaanza pale msikilizaji anapomaliza sura ya 6 na kuingia ya 7, akasikia kama msomaji amebadilika: anakwenda mbio kidogo, sauti imefifia, na mkono unaanza kutafuta kitufe cha kuongeza sauti.

Tuchukue kitabu cha kweli. *Desturi za Wasuaheli* kilichapishwa na Carl Velten mwaka 1903 huko Göttingen, Ujerumani, na sehemu kubwa ya maelezo yake ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Ni kitabu kirefu chenye sura nyingi, nyingine fupi na nyingine ndefu, na tahajia yake ni ya zamani, kama jina lenyewe linavyoonyesha. Anayetaka kukigeuza kuwa kitabu cha kusikiliza ataanza na maandishi kabla ya kugusa sauti.

Kuandaa maandishi

Mashine husoma kinachoandikwa, wala haijui kilichokusudiwa. Tahajia ya zamani igeuzwe kuwa ya leo, na vifupisho viandikwe kwa urefu. Tarakimu ndizo zenye mtego mkubwa kwa Kiswahili. «Watu 8» husomwa watu wanane, «vijiji 8» vijiji vinane, lakini «siku 8» ni siku nane. Ukiiambia kompyuta igeuze kila 8 kuwa «nane», utapata «watu nane» kitabu kizima. Kwa hiyo namba zinazohesabu vitu ziandikwe kwa maneno na mtu anayefuata ngeli, sentensi kwa sentensi.

Majina ya watu na ya mahali yawekewe orodha. Jina likitamkwa vibaya, tafuta namna ya kuliandika inayoifanya mashine ilitamke sawa, kisha tumia maandishi hayo hayo kila linapotokea. Bila orodha, mtu mmoja atakuwa na matamshi mawili katika kitabu kimoja.

Kwa nini sauti hubadilika

Sauti nyingi za kompyuta za siku hizi zina bahati nasibu kidogo ndani yake. Ukiipa sentensi moja mara mbili, hutoka kwa mikazo na mwendo unaotofautiana kidogo. Hilo huipa uhai, ila likiachiwa huru, sura moja huchangamka na nyingine hupoa. Sauti zinazoigwa kutoka kwenye sampuli fupi ya mtu huyumba zaidi: zikipewa maandishi marefu kwa mkupuo mmoja, mwendo huanza kuteleza, maneno hurukwa au kurudiwa.

Dawa ni kukata maandishi vipande vya aya moja au mbili, daima mwishoni mwa sentensi, na kuvisomesha vyote kwa sampuli ile ile na mipangilio ile ile. Katika Piper, programu inayofanya kazi kwenye kompyuta yako mwenyewe, kuna sauti ya Kiswahili iitwayo `sw_CD-lanfrica-medium`. Mwendo wake huwekwa na `length_scale`: 1.0 ni kawaida, na 1.1 ni polepole zaidi. Chagua namba moja, iandike kwenye faili la kumbukumbu pamoja na jina la sauti na toleo la programu, na usiiguse tena mpaka kitabu kiishe.

Ukitumia sauti ya mtandaoni, kama `sw-TZ-RehemaNeural` ya Microsoft, faili la sauti haliko mikononi mwako. Mwenye huduma akiiboresha, sauti ya Juni inaweza isifanane na ya Januari. Hapo ni heri kusomesha kitabu chote katika kipindi kimoja kifupi.

Kasoro hizi zinaweza kunaswa bila kusikiliza saa 12 mara mbili. Gawanya idadi ya maneno ya kila sura kwa dakika zake. Tuseme sura nyingi zinakwenda maneno 120 kwa dakika. Sura yenye maneno 4,800 ilipaswa kuwa dakika 40. Ikitoka 37, zimekosekana dakika 3, yaani kiasi cha maneno 360. Ama kuna aya zilizorukwa, ama mwendo umeongezeka. Kisha kata sekunde 10 za mwanzo na sekunde 10 za mwisho za kila sura, ziunganishe kuwa faili moja, usikilize. Sauti iliyoyumba hujitokeza mara moja ikiwekwa bega kwa bega na wenzake.

Kusawazisha ukubwa wa sauti

Macho hudanganya kwenye mawimbi ya sauti, kwa hiyo pima. Kipimo kinachofaa ni LUFS, ambacho hufuata namna sikio linavyosikia na huacha sehemu za kimya nje ya hesabu. Wastani wa kawaida hujumlisha kimya, hivyo sura yenye vituo virefu huonekana ndogo kuliko inavyosikika. Kwanza hakikisha mafaili yote ni ya mkondo mmoja, yaani mono. Usomaji ule ule ukihifadhiwa kama stereo hupimwa LUFS 3 zaidi, na sura hiyo itapunguzwa bure.

Lengo la −20 LUFS, na kilele kisichopita −3, linafaa kwa usomaji. Programu ya bure ya ffmpeg hupima hivi:

```
ffmpeg -i sura07.wav -af loudnorm=print_format=json -f null -
```

Tuseme `input_i` imesoma −24.4 na `input_tp` −6.1. Sura inahitaji kupandishwa 4.4, lakini kilele nacho kitapanda hadi −1.7, juu ya mpaka. Kwa hiyo pandisha sura yote kwa kiasi kimoja, kisha weka kizuizi kitakachobana vile vilele vichache tu:

```
ffmpeg -i sura07.wav -af "volume=4.4dB,alimiter=limit=0.7:level=false" sura07_sawa.wav
```

Hiyo 0.7 ni karibu −3.1, na `level=false` isisahaulike, kwani bila hiyo kizuizi hupandisha tena kile ilichokibana. Wengi hupita njia ya mkato: huacha `loudnorm` irekebishe yenyewe kwa hatua moja. Ikifanya hivyo, huongeza na kupunguza sauti sura ikiendelea, maneno yaliyosomwa kwa upole hunyanyuliwa, na usomaji hupoteza kupanda na kushuka kwake. Kiasi kimoja kwa sura nzima huulinda usomaji kama ulivyotoka.

Baada ya hapo pima upya mafaili yaliyotengenezwa. Tofauti ya nusu LUFS kati ya sura na sura haisikiki. Ya 2 au 3 husikika.

Kazi haikosi sentensi za kurekebisha. Sentensi mpya isomeshwe pamoja na ile iliyoitangulia na inayofuata, ili mkazo wake uoane nazo, kisha ichomekwe kwenye faili ghafi, lile la kabla ya kupandishwa. Halafu sura nzima ipimwe na kupandishwa upya. Ukiichomeka kwenye faili lililokwisha kusawazishwa, itakuwa chini ya jirani zake kwa ile ile 4.4, na msikilizaji atajua palipotiwa kiraka.