Uwiano ukitoka 1: mtembezi atarudi alipoanzia?

Chukua barabara iliyonyooka isiyo na mwisho, na mtu anayetembea kwa kurusha sarafu. Ikiangukia kichwa anapiga hatua moja mbele, ikiangukia upande wa pili anarudi hatua moja nyuma. Je, ni hakika kwamba ipo siku atakanyaga tena pale alipoanzia? Na kama badala ya barabara ni mji wenye mitaa iliyokatizana kama drafti, akawa anachagua moja kati ya njia nne? Na kama anaweza pia kupanda na kushuka, njia zikawa sita? Maswali haya yalijibiwa na mwanahisabati George Pólya mwaka 1921, alipokuwa akifundisha Zürich, Uswisi. Majibu yake yanaonyesha vizuri kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya wanapopima mfululizo na kupata uwiano wa 1.

Tuanze na barabara. Baada ya hatua 2, uwezekano wa mtembezi kuwa alipoanzia ni 1/2. Baada ya hatua 4 ni 3/8, na baada ya 6 ni 5/16. Ukijumlisha namba hizi zote, pamoja na 1 ya kusimama pale mwanzoni, unapata wastani wa mara atakazokuwa mahali hapo katika safari yake yote. Sasa kila anaporudi, ni kama anaanza upya. Uwezekano wa kurudi ukiwa p, nao ni mdogo kuliko 1, wastani huo utakuwa 1/(1 − p), namba yenye ukomo. Kwa hiyo jumla ikikua bila mwisho, kurudi ni hakika. Ikitulia kwenye namba fulani, basi kuna uwezekano wa kuondoka moja kwa moja. Swali la mtembezi limegeuka swali la mfululizo.

Chombo cha kwanza wanachokimbilia wengi ni kipimo cha uwiano, kinachohusishwa na Mfaransa d'Alembert aliyekitumia mwaka 1768. Unagawanya kila namba kwa ile iliyoitangulia, kisha unaangalia uwiano huo unaelekea wapi kadiri unavyosonga mbele. Tuseme unaelekea 0.8. Basi kuanzia mahali fulani, kila uwiano utakuwa chini ya 0.9, maana yake kila namba inapoteza angalau sehemu moja ya kumi ya iliyotangulia. Mfululizo unaopungua kwa kiwango hicho lazima utulie. Nguvu yote ya kipimo iko katika ile nafasi iliyobaki kati ya 0.8 na 1, tukaweza kuichomeka 0.9 katikati.

Kwa barabara yetu, uwiano ni (2n+1)/(2n+2): yaani 1/2, 3/4, 5/6, na kuendelea. Ukifika n = 99 ni 199/200, au 0.995. Unaelekea 1 kamili. Hapa ndipo mwanafunzi anapoandika: “Kila uwiano ni mdogo kuliko 1, namba zinapungua hadi sifuri, kwa hiyo mfululizo unatulia.” Sentensi mbili za kwanza ni kweli kabisa. Hitimisho ndilo halina mguu wa kusimamia. Hakuna 0.9 wala 0.99 wala 0.999 itakayokaa juu ya uwiano wote, kwa sababu mwishowe uwiano unaipita kila moja. Nafasi ile imetoweka, na hoja imeondoka nayo.

Kwa mfululizo huu tunaweza hata kuona ukweli kwa namba. Jumla ya namba zote hadi hatua ya 2n ni (2n+1) mara ile namba ya mwisho. Hadi hatua 200, jumla ni takriban 11.3. Hadi hatua 20,000, ni takriban 112.8. Haitulii kamwe. Mtembezi wa barabarani atarudi, kwa hakika.

Basi, uwiano wa 1 ukishatunyima jibu, tufanye nini? Tuulize swali jingine: uwiano unaikaribia 1 kwa kasi gani? Joseph Ludwig Raabe, ambaye naye alifundisha Zürich, alitoa kipimo cha namna hii mwaka 1832. Chukua kiasi kinachopungua ili uwiano ufike 1, ukizidishe kwa n, kisha uone kinaelekea wapi. Kikielekea namba iliyo zaidi ya 1, mfululizo unatulia. Kikiwa chini ya 1, hautulii. Kwenye barabara, upungufu ni 1/(2n+2). Ukizidisha kwa n unaelekea 1/2, chini ya 1, nasi tunalijua jibu hilo tayari.

Kwenye mitaa ya drafti, uwezekano wa kuwa alipoanzia ni zile namba za barabarani zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe: 1/4, 9/64, na kadhalika. Uwiano unaelekea 1 tena. Tunamwita Raabe: upungufu ni (4n+3)/(2n+2)², na ukizidishwa kwa n unaelekea 1 kamili. Kipimo cha pili nacho kimenyamaza! Hapa inabidi tuziangalie namba zenyewe. Ukiizidisha kila namba ya mfululizo huu kwa n, matokeo yanaanza na 1/4 na kuongezeka daima, kwa sababu uwiano wake ni (4n²+4n+1)/(4n²+4n), zaidi ya 1 kidogo. Maana yake kila namba ni 1/(4n) au zaidi. Tangu karne ya 14, Nicole Oresme alionyesha kuwa 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea haina mwisho: 1/3 + 1/4 inazidi 1/2, zile nne zinazofuata zinazidi 1/2 nyingine, zile nane vilevile, bila kikomo. Robo ya kitu kisicho na mwisho nayo haina mwisho. Mtembezi wa mjini naye atarudi kwa hakika.

Lakini usitegemee kompyuta ikuthibitishie hilo. Ukiongeza muda wa safari mara kumi, jumla ya mitaani inaongezeka kwa takriban 0.73 tu. Mtu anayeitazama kwenye skrini ataapa kwamba imeshatulia.

Kwenye njia sita mambo yanageuka. Uwiano unaelekea 1 kama kawaida, ila kipimo cha Raabe kinatoa 3/2, kwa hiyo jumla inatulia, karibu na 1.516. Ukiirudisha kwenye 1/(1 − p), uwezekano wa kurudi unatoka takriban 0.34. Karibu theluthi mbili ya watembezi wa aina hii hawataonekana tena pale walipoanzia.

Kwa hiyo mifululizo mitatu imetoa uwiano uleule wa 1, miwili haitulii na mmoja unatulia. Mwanafunzi aliyeandika “uwiano ni 1, hivyo unatulia” kwenye njia sita amepata jibu sahihi, lakini hajathibitisha chochote, na maneno yaleyale yangempotosha barabarani na mjini. Kuna hali moja tu ambapo uwiano wa kuelekea 1 unatosha: pale ambapo kila uwiano, kuanzia mahali fulani, ni 1 au zaidi. Hapo namba chanya hazipungui kabisa, na jumla haiwezi kutulia. Katika hali nyingine zote, mstari wa uwiano ufutwe kwenye daftari, na uthibitisho uanze upya kwa Raabe au kwa kulinganisha na mfululizo unaojulikana.